Tofauti ya shilingi 1,550 iliyoficha shilingi 25,350

Jumamosi ndiyo siku ya pilikapilika katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kisauni, Mombasa. Mafundi wanakuwa wamelipwa na wenye nyumba hawako kazini, kwa hivyo kila mtu anataka saruji, misumari, rangi na mabomba kabla jua halijatua. Wengi hawabebi pesa mkononi. Wanasoma nambari iliyobandikwa ukutani, wanaibonyeza kwenye simu, wanamwonyesha keshia ujumbe, kisha mzigo unapakiwa.

Asubuhi inayofuata, mwenye duka hukaa na vitu viwili mbele yake. Kimoja ni daftari la mauzo ambalo keshia ameandika siku nzima. Cha pili ni ripoti ya malipo yote yaliyoingia kupitia ile nambari. Katika duka ninalotaka tulitazame hapa, daftari linasema mauzo yaliyolipwa kwa M-Pesa siku hiyo yalikuwa 38, jumla yake shilingi 146,350. Ripoti inasema ziliingia shilingi 147,900. Zimezidi shilingi 1,550.

Wenye maduka wengi hapo hufunga daftari. Pesa zimezidi kidogo, hazikupungua, basi ya nini kujisumbua? Duka hili nimelijenga kutokana na mambo yanayojirudia katika biashara za aina hii, na nimeyakusanya yote katika siku moja ili tuone kilicho chini ya hiyo 1,550. Chini yake kuna makosa sita, na ukiyajumlisha bila kujali kama ni ya kuzidi au ya kupungua, yanafika shilingi 25,350. Moja kati yake ni wizi. Yaliyozidi yamefidia yaliyopungua, na jumla ikatoka ikiwa na sura nzuri.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alijue kabla ya kitu kingine chochote: kulinganisha jumla na jumla si kulinganisha hesabu. Kazi yenyewe ni kuchukua kila mstari wa ripoti na kuutafutia mauzo yake, na kila mauzo kuyatafutia mstari wake. Kinachobaki bila mwenzake, upande wowote, ndicho cha kuulizwa.

Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007 kama njia ya mtu kumtumia mwenziwe pesa. Huduma ya Lipa na M-Pesa kwa ajili ya maduka ilikuja miaka sita baadaye, mwaka 2013. Hapo ndipo mwenye duka alipopata nambari ya biashara, ile ambayo kwenye simu ya mteja husomeka `Till Number`, na pamoja nayo akapata kitu ambacho simu yake ya kawaida haikumpa kwa urahisi: taarifa ya biashara peke yake, isiyochanganyika na karo za watoto na pesa alizotumiwa na shemeji. Taarifa hiyo anaweza kuitoa kwa siku anayoitaka, ama kwenye programu ya simu ya M-PESA for Business ama kwenye tovuti ya biashara ya M-Pesa, na akaifungua katika jedwali la kompyuta.

Ukiifungua unakuta safu kadhaa, na si zote zinazokuhusu katika kazi hii. `Receipt No.` ni ile kodi ya herufi na tarakimu 10 ambayo mteja pia anaipata kwenye ujumbe wake. `Completion Time` ni tarehe na saa malipo yalipokamilika. `Details` inaeleza mstari huo ni wa nini. `Transaction Status` inakuambia kama malipo yalikamilika. `Paid In` ni pesa iliyoingia, `Withdrawn` ni iliyotoka, na `Balance` ni salio baada ya kila tukio.

Macho ya wengi hukimbilia `Balance`, na hapo ndipo wanapopotea. Salio la jioni halilingani na mauzo, na halikusudiwi kulingana. Asubuhi lilianza na pesa za jana. Mchana mwenye duka alihamisha kiasi kwenda benki. Na kila malipo ya zaidi ya shilingi 200 yamekatwa ada ya mfanyabiashara, ambayo katika duka letu ni asilimia 0.55. Mteja aliyelipa 2,300 ameingiza 2,300 kamili katika `Paid In`, halafu mstari mwingine chini yake, wenye kodi ile ile, unaonyesha 12.65 zikitoka katika `Withdrawn`. Mauzo ni 2,300. Zile 12.65 ni gharama ya kuendesha duka, kama umeme, na zinaandikwa kwenye gharama. Ukiandika mauzo kuwa 2,287.35, basi daftari lako halitakubaliana tena na risiti uliyompa mteja, na hutajua mwisho wa mwaka umelipa ada kiasi gani. Jumamosi hii ada zilikuwa shilingi 800 na ushei. Kwa siku moja si nyingi, lakini zidisha kwa mwaka.

Kwa hiyo safu za kufanyia kazi ni tatu: kodi, saa na `Paid In`. Zingine ni za kuulizia pale jambo linapokwama.

Sasa daftari. Ripoti yoyote, hata iwe safi namna gani, haina faida kama upande wa pili hauna cha kushikana nayo. Keshia akiandika "saruji mifuko 4, 3,000, M-Pesa", ameandika nusu ya habari. Siku hiyo kunaweza kuwa na malipo matatu ya 3,000, na huwezi kusema lipi ni la saruji. Jina la mteja halikusaidii sana, kwa sababu mara nyingi anayelipa si anayenunua: fundi anachagua bidhaa, mwenye nyumba analipa akiwa Nairobi. Nambari ya simu nayo siku hizi huonekana ikiwa imefichwa tarakimu za katikati, jambo zuri kwa faragha ya mteja. Kinachobaki ni kodi.

Katika duka letu keshia anaandika herufi nne za mwisho za kodi kando ya kila mauzo, pale pale, kabla mzigo haujatoka. Nne zinatosha kwa duka la ukubwa huu. Uwezekano wa malipo mawili ya siku moja kugongana kwa herufi nne za mwisho ni mdogo sana, na yakigongana saa na kiasi vitayatenganisha. Kazi hiyo inachukua sekunde chache. Lakini keshia anazisoma wapi? Si kwenye simu ya mteja. Anazisoma kwenye simu ya duka, kwenye ujumbe uliopokewa na duka lenyewe. Mteja akiwa na haraka na foleni ikiwa ndefu, keshia huona ni rahisi zaidi kuinamia simu aliyonyooshewa. Katika siku yetu alifanya hivyo mara moja tu, saa 10 jioni, na tutaona ilimgharimu nini bosi wake.

Baada ya daftari kuingizwa kwenye kompyuta, ulinganishaji wa mistari 38 hauchukui muda. Weka ripoti kwenye karatasi moja ya jedwali uipe jina Ripoti, na mauzo kwenye nyingine. Kama kodi ziko safu ya A ya ripoti na `Paid In` iko safu ya F, na kwenye karatasi ya mauzo umeandika herufi nne kwenye safu ya B na kiasi kwenye safu ya C, basi fomula hii kwenye safu ya D inakuletea pesa iliyoingia kwa kodi hiyo:

```
=IF(B2="",0,SUMIFS(Ripoti!F:F,Ripoti!A:A,"*"&B2))
```

Safu inayofuata unaondoa kiasi cha mauzo, `=D2-C2`. Sifuri maana yake vimekutana. Ile nyota inaiambia kompyuta itafute kodi inayoishia na herufi hizo. Nimechagua kujumlisha `Paid In` badala ya kuhesabu ni mara ngapi kodi imeonekana, kwa sababu mstari wa ada unabeba kodi ile ile na ungeihesabu mara mbili.

Kuna mitego miwili hapa ambayo imewafanya watu wengi waamini kwamba njia yenyewe haifai. Wa kwanza: kodi inayoishia na 0417 ukiiandika kwenye jedwali inageuka 417, na inayoishia na 3E12 inageuzwa kuwa nambari kubwa ya kihesabu, kwa sababu kompyuta inadhani unaandika nambari. Kabla ya kuandika chochote, igeuze safu hiyo iwe ya maandishi. Wa pili: wakati mwingine ripoti ikifunguliwa, kiasi kama 2,300.00 huingia kama maandishi, si nambari, na jumla inatoka sifuri kwa kila mstari. Ukiona mstari mmoja au miwili ina tofauti, una swali la biashara. Ukiona mistari yote ina tofauti, una tatizo la jedwali. Badilisha safu ya F iwe nambari na ujaribu tena. Asiye na kompyuta afanye kwa kalamu: atoe ripoti kwenye karatasi na aweke alama ya vyema pande zote mbili. Kwa mistari arobaini, kalamu haichelewi sana.

Jumamosi ile, mauzo 35 kati ya 38 yalikutana na mistari yake bila shilingi kuzidi wala kupungua. Ripoti ilikuwa na mistari 39 ya pesa iliyoingia. Tuyatazame yaliyobaki, tukianza na pesa iliyoingia bila mauzo.

Mstari wa kwanza ni wa shilingi 8,000, na saa yake ni 21:47. Duka lilifungwa saa moja usiku. Ripoti huhesabu siku kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane, lakini daftari la keshia linaisha anapofunga mlango, kwa hiyo kila kinachoingia katikati ya saa hizo mbili hakitakuwa na mwenzake. Mwenye duka anakumbuka: fundi mmoja alimpigia simu jioni akasema, "Mama, nakutumia kitu kidogo uniwekee yale mabati, Jumatatu nitakuja na gari." Hizo 8,000 si mauzo. Hakuna bati lililotoka. Ni pesa ya mtu iliyo mikononi mwa duka, na duka lina deni la mabati. Ukiziingiza kwenye mauzo ya Jumamosi, Jumatatu fundi akija kuchukua mabati na kumalizia salio, keshia ataandika bei nzima, na zile 8,000 zitakuwa zimehesabiwa mara mbili. Mahali pake ni kwenye ukurasa wa malipo ya awali, pamoja na kodi yake, zikisubiri mzigo.

Ulinganishaji huu hufanywa asubuhi ya siku inayofuata, na ripoti ya siku iliyokamilika, si usiku ule ule. Ukiitoa ripoti saa moja usiku, zile 8,000 hutaziona leo, na kesho ukitoa ya kesho pekee hutaziona pia. Zitabaki ndani ya salio, hazina mwenyewe.

Mstari wa pili ni wa shilingi 2,300. Juu yake kuna mwingine wa 2,300, jina lile lile, nambari iliyofichwa yenye tarakimu zile zile za mwisho, kodi tofauti, na dakika tatu kati yao. Mtandao ulisuasua, mteja hakuona ujumbe, akalipa tena. Mauzo ni ya mara moja. Mteja huyu atarudi, na ni haki yake kurudi. Wema wa haraka ni kufungua droo na kumpa 2,300 mkononi, na hapo ndipo duka linapojiweka hatarini. Ukimrudishia kwa pesa taslimu, malipo yale ya pili bado yapo kwenye mfumo yakiwa yamekamilika, na hakuna kinachomzuia mtu asiye mwaminifu kuomba yabatilishwe baadaye na kurudishiwa kwa simu pia. Yarudishwe kwa njia yaliyokuja, kwa kubatilisha malipo yenyewe kupitia Safaricom. Yakibatilishwa, ripoti itaonyesha mstari unaotoka, ambao unaweza kuufunga na ule ulioingia, na yeyote atakayesoma hesabu miezi sita baadaye ataelewa bila kuuliza.

Wa tatu ni shilingi 3,000 kamili. Hakuna mauzo ya 3,000 yasiyo na mwenzake, hakuna fundi aliyeahidi kitu. Saa ni 14:20, duka likiwa wazi. Hapa inafaa kuitazama droo. Asubuhi ilianza na chenji ya 5,000, na mauzo ya pesa taslimu kwa daftari ni 62,400, kwa hiyo jioni ilipaswa kuwa na 67,400. Ilikuwa na 64,250. Imepungukiwa na 3,150. Keshia alikuwa ameshajiandaa kukatwa mshahara.

Shilingi 3,000 zilizozidi kwenye simu na 3,000 zilizopungua kwenye droo ni jambo moja lililoandikwa pande mbili. Mteja alitaka pesa mkononi na hakutaka kulipa ada ya kutoa kwa wakala, akamwomba keshia: nilipe kwenye nambari ya duka, nipe noti. Keshia akaona ni msaada tu. Duka halikupoteza zile 3,000, lakini lililipa ada ya 16.50 kwa biashara ambayo haikuwepo, na kama ripoti ingesomwa bila droo, ingeonekana kuna mauzo yaliyofichwa. Kama droo ingesomwa bila ripoti, keshia angeonekana mwizi. Namhurumia keshia wa duka ambalo halifanyi ulinganishaji huu, kwa sababu kila upungufu wa droo humwangukia yeye na hana cha kujitetea nacho.

Zile 150 nyingine zilizopungua kwenye droo zina jibu lake kwenye mauzo ya 36, ambayo fomula iliyaletea tofauti ya 150. Mteja alinunua vitu vya 850, akabonyeza 1,000 kwa mazoea ya noti, akapewa chenji 150 taslimu. Keshia aliandika mauzo kwa usahihi, hakuandika chenji. Droo sasa imekamilika: 3,000 na 150 ni 3,150.

Mpaka hapa pesa zilizozidi kwenye ripoti ni 8,000, 2,300, 3,000 na 150, jumla 13,450. Lakini ziada tuliyoanza nayo ilikuwa 1,550 tu. Maana yake kuna 11,900 ambazo daftari linadai zililipwa na ripoti haizijui.

Zipo katika mauzo mawili. La kwanza ni la shilingi 4,400, mabomba na viungio. Keshia hakuweka herufi za kodi. Ameandika "kwa Mama". Mteja wa siku nyingi ana nambari ya simu ya mwenye duka, akamtumia yeye moja kwa moja. Pesa zipo, kwenye simu ya mwenye duka, zimechanganyika na mambo ya nyumbani. Ni kosa dogo la leo linalozaa shida kubwa ya baadaye, kwa kuwa kila malipo yanayopita pembeni yanahitaji mtu akumbuke, na mtu husahau. Mwenye duka anatafuta ujumbe, ananakili kodi, anahamisha 4,400 kwenda benki ya biashara na kuandika hivyo.

La pili ni saruji, mifuko 10 kwa 750, shilingi 7,500. Kodi imeandikwa kwenye daftari, tena nzima, herufi zote 10, kwa sababu keshia aliinakili kutoka kwa simu ya mteja. Kwenye ripoti ya siku hiyo haipo. Kwenye ripoti ya siku iliyotangulia haipo. Ujumbe ulikuwa wa kughushi, na mifuko 10 imekwenda.

Ni vyema kueleza hapa namna kodi ya M-Pesa inavyosomeka, kwa sababu wachache wanajua kuwa ina tarehe ndani yake. Katika maelezo ambayo Safaricom iliyaandaa kwa watengenezaji programu, kuna mfano wa malipo ya tarehe 19 Desemba 2019, na kodi yake ni `NLJ7RT61SV`. Herufi ya kwanza ni mwaka: N kwa 2019, kisha O kwa 2020, na kuendelea hivyo hadi S kwa 2024 na T kwa 2025. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 zinaandikwa kama zilivyo, kisha A ni 10, B ni 11, na J ni 19. Kwa hiyo malipo yote ya siku moja katika ripoti yako yanaanza na herufi tatu zile zile. Mhalifu anayechukua ujumbe wake wa zamani na kubadilisha tarehe na kiasi mara nyingi huiacha kodi kama ilivyokuwa, na keshia anayejua herufi tatu za leo atamgundua kabla mfuko wa kwanza haujainuliwa. Katika duka letu sasa herufi hizo zinaandikwa kila asubuhi kwenye kikaratasi kando ya droo.

Lakini sitaki mtu aitegemee hila hiyo peke yake. Mwenye kughushi anayeijua atatunga kodi yenye tarehe sahihi, na hata kodi halisi ya leo inaweza kuwa ya malipo aliyoyafanya duka jingine. Kinachothibitisha malipo ni kuonekana kwake upande wa anayepokea. Ripoti ya asubuhi ilifichua wizi huu saa 16 hivi baada ya kutokea, ikiwa na saa, kiasi na jina la bidhaa. Haikurudisha saruji. Ujumbe kwenye simu ya duka ndio ungeizuia isitoke.

Sasa hesabu inafungika. Chukua 147,900 za ripoti. Toa 8,000 za mabati, 2,300 zilizolipwa mara mbili, 3,000 za noti na 150 za chenji: zinabaki 134,450. Ongeza 4,400 zilizopita kwenye simu ya mwenye duka: 138,850. Njoo upande wa daftari: 146,350, toa saruji ya 7,500 ambayo haikulipwa: 138,850. Pande mbili zimekutana, na kila shilingi iliyohamishwa ina sababu iliyoandikwa. Mauzo ya M-Pesa ya siku hiyo ni 138,850, si 146,350 wala 147,900. Aliyeridhika na tofauti ya 1,550 angelala akiamini ameuza zaidi ya alichouza, na akiwa na deni la mabati na la mteja aliyelipa mara mbili bila kuyajua.

Kwa nini kila siku, si mwisho wa mwezi? Kwa sababu majibu yote tuliyopata yalitegemea kumbukumbu. Mwenye duka alikumbuka simu ya fundi kwa kuwa ilikuwa ya usiku uliotangulia. Keshia alikumbuka mteja wa noti. Baada ya siku 30, malipo ya 3,000 ya saa 14:20 ni mstari kati ya mistari elfu moja na zaidi, na kila mtu atasema hajui. Upungufu wa mwezi huwa ni jumla ya mambo ambayo siku ile ile yangejibiwa kwa swali moja.

Na nani alinganishe? Asiwe keshia peke yake. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu aliyeandika kosa ndiye mtu mgumu zaidi kuliona, na aliyelificha hatalisema. Katika duka la watu watatu inatosha mwenye duka aitoe ripoti mwenyewe, aipokee ikiwa haijaguswa na mtu, kisha akae na keshia pamoja juu ya mistari iliyobaki.

Kuna jambo moja ambalo ripoti hii haiwezi kulisema hata ikisomwa kila asubuhi kwa uangalifu mkubwa. Mtu wa dukani akimwambia mteja "tuma kwa nambari hii", akampa nambari yake binafsi, na asiandike mauzo kabisa, ripoti haina mstari na daftari halina mstari. Pande zote mbili ziko kimya na hesabu inakutana vizuri. Hapo dalili iko stoo: makopo ya rangi kwenye rafu ni machache kuliko yale yaliyopaswa kubaki baada ya mauzo yaliyoandikwa. Ndiyo maana mwenye duka letu, pamoja na ripoti ya kila asubuhi, anachagua bidhaa mbili au tatu zinazotoka haraka, leo saruji na rangi nyeupe, kesho nyaya na misumari, na kuzihesabu kwa mkono dhidi ya daftari. Wiki ikiisha, bidhaa zote zenye mwendo zimeguswa, na nambari ya duka imebandikwa pale ambapo mteja anaisoma mwenyewe, pamoja na jina la biashara litakalotokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha.

Jumatatu fundi alikuja na gari. Mabati yalikuwa ya 21,500. Alilipa 13,500 kwenye nambari ya duka. Keshia aliandika mauzo moja ya 21,500 na kodi mbili kando yake, ile ya Jumamosi saa 21:47 na ya sasa, kisha akafuta jina la fundi kwenye ukurasa wa malipo ya awali.